Kati ya Seli Iliyoungua na Seli Iliyokufa

Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, baada ya kilomita kama 30 unafika Salgaa, mji ulioota kando ya barabara kwa sababu ya malori. Yamejipanga pande zote mbili, mengine yakienda Malaba na kuvuka Uganda, mengine yakirudi Mombasa matupu, na madereva wameshuka kula na kulala. Mbele ya Salgaa barabara inaanza kupanda kwenda Sachangwan, Migaa na Mau Summit. Anayeshuka mteremko huo akiwa na mzigo mzito anaujua kwa jina lake lingine: mahali pa ajali. Migaa peke yake, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana na watu 36 wakafa.

Lakini tukio linalonirudisha huko kila mwaka ni la Jumamosi ya Januari 31, 2009. Lori la mafuta lilipinduka Sachangwan na petroli ikamwagika. Watu wa vijiji vya karibu, na wengine waliokuwa safarini, walikuja na mitungi na ndoo kuchota. Umati ulikuwa umekwisha kujaa pale moto ulipolipuka. Waliokufa walizidi 110, wengine papo hapo na wengine kwa siku na wiki zilizofuata, vitandani. Nchi ilikuwa bado inalia na moto wa duka la Nakumatt jijini Nairobi, uliotokea siku tatu tu kabla, Januari 28. Majeruhi wa Sachangwan walipelekwa Molo, Nakuru na kwingine, na wasioweza kutambulika wakazikwa pamoja.

Mimi hufundisha patholojia ya jumla, na sura ya kwanza ya somo hilo ni ile ile popote: seli inapojeruhiwa, inafika wapi kabla ya kushindwa kurudi? Mtihani huliuliza hivi: tofautisha jeraha la seli linaloponyeka na lisiloponyeka, kisha linganisha nekrosisi na apoptosisi. Wanafunzi hukariri jedwali lenye safu mbili na kuliandika upya kwenye karatasi. Nimeona majedwali mengi yasiyo na kosa hata moja yakiandikwa na watu wasiojua wanachokisema. Ndiyo maana huanzia kwenye mteremko ule. Jibu zima la swali hilo liko kwenye ngozi ya mtu mmoja aliyeungua, ndani ya upana wa kiganja.

Swali lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, huko Berlin, alichapisha mihadhara yake iliyosema kwamba ugonjwa ukae wapi ukae, mwisho wake unakaa ndani ya seli. Mpaka hapo waganga walizungumza juu ya kiungo kilichooza au damu iliyochafuka. Baada ya Virchow ilibidi waulize ni seli zipi zimekufa, na zimekufaje. Vijana waliomfuata, Julius Cohnheim na Carl Weigert, walichunguza sehemu za viungo zilizokatiwa damu, wakakuta jambo la ajabu: seli zimekufa, lakini umbo lao lipo. Ukuta upo, mpangilio upo, ila kiini hakipo. Weigert aliona kuwa protini za seli zimeganda, na jina la mgando likabaki kwenye aina hiyo ya nekrosisi hadi leo.

Anayetaka kuuelewa mgando huo aagize yai la kuchemsha kwenye hoteli yoyote ya Salgaa. Ute unaingia majini ukiwa maji maji na unatoka mweupe, mgumu. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Joto limefumua protini na kuzishikanisha upya, na hakuna njia ya kuurudisha ute ule ulivyokuwa. Ngozi inayokutana na petroli inayowaka hupatwa na hilo hilo. Hata vimeng'enya ambavyo vingeanza kuimeng'enya seli baada ya kufa huganda pamoja nayo, kwa hiyo seli husimama kama ilivyokuwa, kama nyumba iliyohamwa.

Joto kiasi gani, kwa muda gani? Mwaka 1947 A. R. Moritz na F. C. Henriques, wa Harvard, walitoa majibu waliyoyapata kwenye ngozi ya nguruwe na ya watu waliojitolea. Kwa nyuzi 44 ngozi ilihitaji kama saa sita ili iharibike. Kutoka hapo hadi kama nyuzi 51, kila nyuzi moja iliyoongezeka ilikata muda huo karibu nusu. Kufikia nyuzi 60 zilitosha sekunde chache, na kwenye 70 haikuhitajika hata sekunde nzima. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba kufa kwa seli kwa joto ni hesabu ya mambo mawili pamoja. Mwali wa petroli hauachi nafasi ya hesabu pale unapogusa, lakini kila milimita unayoingia chini ya ngozi, au unayosogea pembeni, joto linashuka na muda unaongezeka. Mahali fulani katika kushuka huko pana mpaka kati ya seli iliyokufa na seli iliyojeruhiwa.

Mpaka huo ulichorwa na daktari wa upasuaji, Douglas Jackson wa Birmingham, aliyechapisha kazi yake mwaka 1953. Alisema jeraha la moto lina kanda tatu, moja ndani ya nyingine. Katikati ni ukanda wa mgando: seli zimekwisha, hazirudi. Pembeni kabisa ni ukanda wa wekundu: mishipa midogo imepanuka, damu inapita kwa wingi, na seli zitapona zenyewe. Kati ya hizo mbili uko ukanda aliouita wa kutuama, kwa sababu ndani yake damu inapita kwa kukwama. Seli za ukanda huu ziko hai siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu zinaweza kuwa zimekufa, au zimepona. Hazijaamua, na kinachoamua ni kile kitakachofanyika baada ya moto kuzimwa.

Simama kando ya kitanda utazame. Katikati ya jeraha pana ngozi nyeupe kama nta, au kahawia kavu kama ngozi ya ngoma. Ibonyeze kwa kidole: haibadiliki rangi. Ichome kidogo kwa sindano: mgonjwa hasikii, kwa kuwa ncha za neva nazo zimeganda. Sogea nje kidogo. Hapa pana wekundu uliokolea, wenye madoa na malengelenge, na ukibonyeza weupe unakuja kidogo na rangi inarudi polepole, sekunde mbili, tatu, nne. Sogea tena nje: wekundu wa waridi, panauma vibaya, na ukiinua kidole damu inarudi mara moja. Mgonjwa anapolia kwa maumivu ya pembeni na kunyamaza kuhusu katikati, jamaa zake hufurahi kwamba sehemu kubwa haiumi. Ni vigumu kuwaeleza kwamba sehemu isiyouma ndiyo iliyokufa.

Sasa tuingie ndani ya seli moja ya ule ukanda wa kati. Damu haifiki vizuri, oksijeni imepungua, na mitokondria, ambazo kazi yake ni kutengeneza ATP, zinapunguza mwendo. ATP ndiyo fedha taslimu ya seli, na mteja wake mkubwa ni pampu iliyo kwenye utando wa nje, inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu usiku na mchana. Fedha zikiisha pampu inasimama. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Seli inajaribu kuishi kwa kuchoma sukari bila oksijeni, na njia hiyo inaacha asidi. Asidi inafanya nyuzi za kiini zikusanyike mafundo mafundo. Utando unatoa vivimbe kama mapovu. Ribosomu zinabanduka mahali pake na utengenezaji wa protini unashuka.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huangukia. Wakiona seli imevimba, yenye mapovu na kiini kilichokusanyika, wanaandika kwamba imekufa. Hayo yote yanarudi. Rudisha damu mapema na pampu inaanza tena, maji yanatoka, mapovu yanasinyaa. Uvimbe ni dalili ya seli inayohangaika.

Robert Jennings, aliyefanya kazi Marekani, aliutafuta mwisho wa kuhangaika huko kwa saa mkononi. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 1960 na baadaye, aliufunga mshipa mmoja wa moyo wa mbwa, akaufungua baada ya muda aliouchagua. Ulipofunguliwa baada ya dakika 15, misuli ilipona yote. Kuanzia kama dakika 20 baadhi ya seli zilikufa hata damu iliporudi, na kufikia saa nzima zilizokufa zilikuwa nyingi. Kwa hadubini ya elektroni aliona mambo mawili kwenye seli zilizovuka: mitokondria zilizovimba zikiwa na madonge makubwa meusi ndani yake, na utando wa seli uliotoboka. Ndiyo mambo mawili ambayo mtihani unayataka, na ni vizuri kuyasema kama sababu kuliko kama alama. Seli isiyoweza tena kutengeneza ATP hata ikipewa oksijeni haina cha kurekebishia. Seli iliyotoboka utando haina tena ndani na nje: kalisiamu inaingia kwa wingi, inaamsha vimeng'enya vinavyokata protini na mafuta ya utando wenyewe, na yaliyokuwa ndani yanamwagika.

Kumwagika huko ndiko nekrosisi kwa maana kamili. Seli hufa kwa makundi, jirani na jirani, zikivimba na kupasuka. Kiini kinasinyaa na kukolea, au kinavunjika vipande, au kinafifia hadi kupotea. Ukipaka rangi za kawaida za maabara, eosini inashika zaidi kwa sababu protini zimefumuka, na bluu ya kiini inatoweka. Unaona uwanja wa waridi mtupu. Yaliyomwagika yanaita seli nyeupe za damu, nazo zinakuja na uvimbe, joto na usaha. Sehemu yake inaingia kwenye damu, kwa hiyo aliyeungua vibaya anaweza kuwa na potasiamu ya juu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo, na mkojo mwekundu kahawia kutokana na misuli na damu iliyovunjika.

Kuna onyo moja ambalo Guido Majno alilitoa mwaka 1960 na linasahaulika. Seli inaweza kuwa imekwisha kufa saa kadhaa kabla ya hadubini ya kawaida kuonyesha lolote. Moyo wa mtu aliyekufa ghafula, saa moja baada ya mshipa kuziba, unaweza kuonekana mzima kabisa kwenye slaidi. Tunachokiona ni kuoza kunakofuata kifo. Anayechukua kipande cha ngozi dakika chache baada ya moto na kuona viini vimekaa vizuri, asitangaze kwamba ngozi imenusurika.

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Virchow watu wa patholojia walikuwa na jina moja tu kubwa la kifo cha seli. Walioona kingine walikuwapo, akiwamo Walther Flemming mwaka 1885, aliyechora seli za kifuko cha yai zikivunjika vipande kwa utulivu, lakini mchoro wake ulilala vitabuni. Aliyelifungua jambo alikuwa John Kerr, kijana kutoka Brisbane aliyekwenda London kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alifunga matawi ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini la panya na kungoja. Mwanzoni sehemu za ini zilikufa kwa nekrosisi ya kawaida, zikiwa na seli nyeupe zilizokimbilia hapo. Kisha wiki zikapita, ini likaendelea kupungua, na hapakuwa na nekrosisi tena. Seli zilikuwa zinaondoka moja moja: moja inasinyaa, inakolea, inagawanyika kuwa vidonge vya mviringo, na jirani yake anavimeza. Hakuna usaha. Kerr akaliita jambo hilo nekrosisi ya kusinyaa, jina lililokuwa na mgongano ndani yake.

Mwaka 1970 Alastair Currie wa Chuo Kikuu cha Aberdeen alimtembelea Kerr, aliyekuwa amerudi Brisbane, kisha Kerr akaenda Uskoti kufanya kazi naye pamoja na mwanafunzi wa Currie, Andrew Wyllie. Walitaka jina jipya, na James Cormack, profesa wa Kigiriki wa chuo hicho, akawapa neno la zamani la majani yanayodondoka mtini. Makala yao ya Agosti 1972 ikalitangaza: apoptosisi.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuiona kabla ya kupewa jina. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani ambayo sasa ina jina lake, na ambayo wodi za watoto za magharibi mwa Kenya zinaijua vizuri. Chini ya hadubini uvimbe huo ni bahari ya seli nyeusi nyeusi zilizosongamana, na ndani yake nafasi nyeupe zilizotawanyika. Wanapatholojia waliifananisha na anga la usiku lenye nyota. Kila nyota ni seli moja kubwa inayomeza, imejaa vipande vya seli za saratani zilizokufa. Saratani hii hukua kwa kasi kiasi kwamba inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na wakati huo huo seli zake nyingi zinajiua. Nikiwa na slaidi moja tu ya kumfundishia mtu apoptosisi, nitachukua hiyo. Maiti ni maelfu, na hakuna uvimbe wa moto wala usaha. Kila anayekufa amezikwa kabla hajanuka.

Siri ya mazishi hayo ni kwamba utando haupasuki. Seli inayojiua inatumia ATP kufanya kazi yenyewe: vimeng'enya viitwavyo kaspesi vinaamshwa na kukata nguzo za ndani kwa mpango, DNA inakatwa vipande vya urefu unaolingana, na mafuta fulani yaliyokuwa upande wa ndani wa utando yanageuzwa nje. Yakijitokeza nje, walaji wanajua kwamba huyu ni wa kuliwa. Kwa hiyo tofauti iliyo chini ya zote kwenye jedwali ni nishati na utando. Apoptosisi inahitaji seli iliyobaki na fedha. Ikiishiwa katikati ya safari, kifo kilichoanza kwa mpango humalizikia kwa kupasuka, na ukitazama utaona nekrosisi. Wala tusiandike kwamba apoptosisi ni ya kawaida na nekrosisi ni ya ugonjwa. Nekrosisi ni ya ugonjwa, ndiyo, lakini apoptosisi iko pande zote mbili: kwenye vidole vya mimba vinavyotenganishwa, na kwenye ini lenye virusi.

Turudi kwenye ule ukanda wa kutuama, maana humo vifo vyote viwili vinakaa nyumba moja. Seli zilizo karibu na mgando, zisizo na damu wala nishati, huvimba na kupasuka. Zilizo mbali kidogo, zilizoguswa na joto la wastani, zina nishati ya kutosha kujiua, na siku za kwanza baada ya moto zinaonekana moja moja zikiwa zimesinyaa, waridi iliyokolea, katikati ya jirani walio hai. Kila moja inayokwenda kwa njia yoyote inaongeza upana wa katikati iliyokufa.

Chukua mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 ya ngozi yake karibu na Salgaa saa mbili usiku. Kitu cha kwanza ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na yana faida hata yakichelewa hadi saa tatu baada ya moto. Barafu haifai, kwa sababu inabana mishipa ya ukanda ule ule unaohangaika. Kisha maji ya mshipani. Kanuni iliyotoka Parkland, Dallas, kwa Charles Baxter mwaka 1968, inasema mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia: 4 × 60 × 30, yaani mililita 7,200 kwa saa 24. Nusu, 3,600, iingie katika saa 8 za mwanzo. Kosa linalorudiwa ni kuhesabu saa 8 kuanzia mgonjwa anapopokelewa. Zinahesabiwa tangu moto. Akifika saa tano usiku, saa tatu zimekwisha kuliwa na barabara, na zile 3,600 zinapaswa kuingia kwa saa 5 zilizobaki: mililita 720 kwa saa, badala ya 450. Halafu mkojo unapimwa, kama mililita 30 kwa saa au zaidi kidogo, ili kasi ishushwe au ipandishwe. Maji yakipungua, mishipa midogo ya ukanda wa kati inafungwa na damu iliyoganda. Yakizidi, ngozi inavimba na kuibana mishipa hiyo hiyo kutoka nje.

Asubuhi ya siku ya tatu bandeji inafunguliwa. Daktari anaweka kidole pale pale alipokiweka usiku wa kwanza, kwenye wekundu uliokolea pembeni mwa ule weupe, anabonyeza, anainua, anahesabu.